Mstari wa 23: Mtungi wa Oksijeni

Karatasi yenyewe ilikuwa kurasa mbili, imepigwa fotokopi mara nyingi hadi nembo ya hospitali imebaki doa jeusi pembeni. Juu iliandikwa kwamba ni orodha ya mambo ambayo muuguzi mpya lazima aonyeshwe katika wiki yake ya kwanza wodini. Chini kulikuwa na mistari 38, kila mmoja na kisanduku chake cha tiki, halafu nafasi ya sahihi mbili: yangu na ya aliyenionyesha. Nilianza kazi Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Kufika chai ya saa nne, visanduku vyote 38 vilikuwa vimejaa.

Wala hakuna aliyedanganya. Sista aliyepewa kazi ya kunizungusha alinizungusha kweli. "Hiki chumba cha dawa. Hii troli ya dharura. Pale mtungi wa oksijeni wa kusafirishia mgonjwa. Kabati la DDA, la dawa za kulevya kama morfini, ndilo hilo, funguo anakaa nazo inchaji. Namba za madaktari ziko ukutani. Choo cha wafanyakazi kile pale, mlango haufungi, kwa hivyo uimbe ukiwa ndani." Mimi nacheka, naweka tiki. Ilikuwa wodi ya kawaida ya wagonjwa wazima, vitanda 28, manesi wanne zamu hiyo, raundi ya daktari bingwa iko njiani na mgonjwa wa kitanda cha tatu ameshang'oa kanula. Dakika arobaini alizonipa zilikuwa ukarimu.

Hospitali siitaji jina, ni moja kati ya nyingi hapa Nairobi, na sina ugomvi nayo. Nataka kuzungumzia mistari mitatu tu kati ya ile 38, kwa sababu Alhamisi ya wiki hiyo hiyo mistari hiyo mitatu ilinirudia yote kwa mgonjwa mmoja, ndani ya saa sita.

Mingine si migumu. Nakala ya leseni ya Baraza la Wauguzi, akaunti ya benki, ratiba ya zamu, kabati la nguo, mifuko ya taka na rangi zake: hayo mtu akikosea Jumatatu anarekebishwa Jumanne, na hakuna aliyeumia. Utaratibu wa kuchomwa na sindano nao hausubiri Ijumaa. Siku ya kwanza ujue ni mlango gani unaobisha usiku wa manane, maana dawa za kuzuia virusi zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na zisivuke saa 72, kisha unameza siku 28. Kujua kwamba "kuna utaratibu" hakukusaidii kitu ukiwa umesimama kwenye sinki saa tisa usiku unaosha kidole kwa sabuni na hujui umwamshe nani.

Sasa Alhamisi.

Kitanda 14 alikuwa mama wa miaka sitini na kidogo, ameingia usiku na nimonia. (Namba ya kitanda nimebadilisha, na mambo mengine mawili matatu pia.) Alikuwa anaongea vizuri, ameniuliza natoka wapi, na aliposikia nakaa Kayole akasema ana dada yake huko. Nilimpima saa mbili asubuhi. Mashine ikanipa presha ya juu 118, mapigo 104, oksijeni kwenye damu asilimia 93 bila msaada wowote. Kipimajoto kikasema 38.4. Ikabaki pumzi, na pumzi haina mashine. Nikaandika 20.

Sikuhesabu. Nilimtazama, nikaona anapumua, nikaandika 20. Ukitaka kujua kama niko peke yangu, chukua chati kumi za wodi yoyote utembee na kidole kwenye mstari wa pumzi: 20, 20, 18, 20, 20. Wagonjwa wa magonjwa kumi tofauti wote wanapumua kama kwaya.

Wodi yetu ilitumia jedwali la alama za tahadhari la Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London, lile toleo la 2017. Kila kipimo kinapata alama kuanzia sifuri hadi 3 kadiri kinavyokwenda mbali na kawaida, kisha unajumlisha. Mama yangu alipata 2 kwa oksijeni ya 93, alama 1 kwa joto, alama 1 kwa mapigo, sifuri kwa presha, na sifuri kwa akili timamu. Kwa pumzi 20 nikampa sifuri, maana kuanzia 12 hadi 20 ndiyo kawaida. Jumla 4. Kwa alama 4 jedwali halikuambii upige simu, linakuambia umpime tena kila baada ya saa nne hadi sita na muuguzi aamue kama kuna haja ya zaidi. Nikaandika saa ya kurudi, nikaenda kitanda 15.

Saa nne na nusu hivi yule sista aliyenizungusha alikuwa anapita na trei ya dawa. Akasimama kwenye kitanda 14. Sijui aliona nini. Nilipomuuliza baadaye alisema mama alikuwa ameacha kumaliza sentensi. Akaweka trei chini, akamshika mkono kama anayepima mapigo, akainua saa yake ya kifuani, akanyamaza. Lakini macho yake hayakuwa kwenye mkono, yalikuwa kwenye blanketi, linavyopanda na kushuka. Dakika nzima.

"Ishirini na nane," akasema. Akatazama chati. "Hii ishirini ya nani?"

Yangu.

Hebu rudia hesabu ile. Pumzi 25 na kuendelea ni alama 3. Yaani hata kama vipimo vingine vyote vingebaki vile vya saa mbili, 4 inakuwa 7, na 7 si ya kurudi baada ya saa nne. Saba ni daktari aitwe sasa hivi na mgonjwa asiachwe bila kutazamwa. Kama mama alikuwa na 28 tangu saa mbili, na naamini alikuwa karibu na hapo, basi namba moja ya kubuni ilimpotezea saa mbili na nusu.

Alinifundisha mambo mawili pale pale kando ya kitanda, na siku hizi nami nayafundisha hivyo hivyo. La kwanza, endelea kushika mkono hata ukimaliza kuhesabu mapigo, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake anaanza kuzipanga. La pili, hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne, na pumzi nne ndiyo tofauti ya 20 na 24, yaani sifuri na alama 2. Kwa mgonjwa ambaye hapumui kwa mpangilio sawa, sekunde 15 ni bahati nasibu.

Kwenye ile orodha, mstari wa 11 ulisema: "Ameonyeshwa chati ya vipimo na jedwali la alama." Ni kweli nilionyeshwa.

Akaniambia mpigie daktari wa zamu. Nikaenda kwenye ukuta wenye namba. Mstari wa 19, tiki. Nikapiga, akapokea mwanaume mmoja mpole sana aliyenieleza kwamba hapo ni stoo ya vifaa, na kwamba manesi wapya humpigia kila mwezi. Namba ya daktari ilikuwa imebadilishwa kitambo, na wenyeji wote wa wodi walikuwa nayo kwenye simu zao, kwa hiyo hakuna aliyehitaji ukuta tena. Ukuta ulikuwa wa sisi wageni.

Nilipompata daktari nilisema hivi: "Daktari, samahani kwa kukusumbua, ni wodi ya chini, kuna mama hapa kitanda 14, naona hayuko sawa sana." Akauliza hayuko sawa vipi. Nikasema anapumua kwa shida. Akauliza oksijeni ngapi. Nikamwambia subiri, nikakimbia kitandani, nikarudi. Akauliza ana historia gani, anatumia dawa gani, na mimi faili nimeliacha kwenye meza ya inchaji. Yule sista akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Daktari, ni sista wa wodi ya chini. Kitanda 14, mama wa nimonia aliyeingia usiku, ameanza dozi ya kwanza ya antibayotiki saa saba usiku. Pumzi 28, oksijeni 89 bila msaada, joto 38.4, mapigo 110, presha 112, bado anajitambua. Alama 8, saa mbili alikuwa ameandikiwa 4. Naona anachoka. Naomba uje umwone sasa, na nimwekee oksijeni wakati unakuja."

Nimeikumbuka karibu neno kwa neno kwa sababu usiku ule niliiandika kwenye daftari langu. Ni mambo manne tu: ni nani na kuna nini, alitoka wapi, nimepima nini na naona nini, na nataka ufanye nini. Hilo la nne ndilo wapya huliacha. Wanamaliza na namba kisha wananyamaza, wakitumaini daktari atajiongeza. Daktari aliyekaa na wagonjwa sita kasualti hajiongezi, anasema "mwangalie kidogo" na kukata simu. Mwambie "naomba uje sasa", na kama hawezi, aseme mwenyewe kwamba hawezi, uandike saa na jibu lake, kisha umpigie aliye juu yake.

Daktari alifika baada ya dakika chache, akamkubalia lita 10 kwa dakika kwa ile maski yenye mfuko, na oksijeni ya mama ikapanda hadi 95. Damu zikachukuliwa, antibayotiki ikabadilishwa. Saa nane mchana akataka picha ya kifua. Mashine ya eksrei ya kubebeka ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mama ateremke chini. Nesi wa kumsindikiza: mimi.

Hapa ndipo mstari wa 23 unapoingia. "Ameonyeshwa mtungi wa oksijeni wa kusafirishia." Ulikuwa pale pale kwenye kona, kwenye kigari chake, mweusi wenye mabega meupe. Nikatazama geji. Sindano ilikuwa katikati, nusu. Nikasema nusu inatosha, ni chini tu hapo. Nikachomoa mrija ukutani, nikauchomeka kwenye mtungi, nikafungua koki ya mtiririko hadi 10. Ikazomea. Poota akashika upande wa miguu, tukatoka.

Hatukufika mlango wa wodi. Nilitazama maski nikaona ule mfuko wake umekuwa bapa kama karatasi ya chipsi. Kile kipimo cha kidole kilisema 91, halafu 87. Nikatazama geji: sifuri. Nikazungusha koki kushoto, kulia, nikatikisa mtungi (usiulize kwa nini, mtu akishikwa na hofu hutikisa). 85. Mama alinishika kiganja, hakusema kitu.

"Rudi ukutani!" Sauti ilitoka nyuma. Sista hakuja kwenye mtungi hata kidogo. Alikuja kwenye stretcha, akaisukuma na poota hadi kitanda kilichokuwa karibu zaidi, ambacho hakikuwa hata cha mama, akachomeka mrija kwenye koki ya ukutani, akafungua hadi mwisho, akasubiri mfuko ujae kabla ya kuirudisha maski usoni. 83 ndiyo namba ya chini kabisa niliyoiona. Baada ya kama dakika mbili ilikuwa 94.

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi na watu huuliza kama mtungi ulikuwa mtupu. Haukuwa. Ulikuwa umefungwa.

Mtungi wa aina ile una milango miwili. Mmoja uko kwenye shingo ya mtungi wenyewe na hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma. Wa pili ni koki ya mtiririko, hiyo unayoizungusha kwa vidole kuchagua lita. Katikati yake kuna kidhibiti cha presha, na geji imekaa hapo. Mtu wa mwisho kuutumia alifunga shingo kwa ufunguo, akafunga na koki, na gesi kidogo ikabaki imenaswa katikati. Gesi hiyo iliyonaswa ndiyo iliyoishikilia sindano kwenye nusu. Nilipofungua koki, ile kidogo ikatoka kwa kishindo, ikazomea kama mtungi mzima, kisha ikaisha. Na ufunguo? Mnyororo wake ulikuwepo, unaning'inia. Ufunguo wenyewe tulikuja kuupata wodi ya juu, walikuja kuuazima Jumapili.

Kwa hiyo kuukagua mtungi kwa macho ni sawa na kutoukagua. Unashika ufunguo, unafungua shingo polepole kinyume cha saa, mikono ikiwa mikavu na bila losheni wala mafuta, maana mafuta na oksijeni ya presha havikai pamoja. Unasoma sindano wakati shingo iko wazi. Unafungua koki hadi 15 na kuweka kiganja kwenye mdomo wa mrija uone kama upepo unadumu. Kisha, na hili ndilo lililorukwa na mwenzangu wa Jumapili, unafunga shingo na kuiacha koki wazi hadi gesi iliyonaswa iishe na sindano ilale sifuri, ndipo unafunga koki. Mtungi uliowekwa vizuri unasoma sifuri. Anayefuata hawezi kudanganyika, atalazimika kuufungua ndipo ajue.

Sasa tuseme ufunguo ungekuwepo. Nilikuwa salama? Nilifanya hesabu usiku ule kwenye matatu, nyuma ya tiketi ya maegesho ya mtu niliyoiokota kwenye kiti. Mtungi wetu ulikuwa saizi E, ambao ukijaa una lita 680. Nusu ni 340. Kwa lita 10 kwa dakika, hizo ni dakika 34. Sasa hesabu safari: kusubiri lifti, foleni ya eksrei, kumgeuza mama, picha, kusubiri lifti tena. Alipoteremshwa baadaye jioni na sista mwenyewe, walichukua dakika 45. Yaani hata kila kitu kingeenda sawa, oksijeni ingeisha mama akiwa kwenye foleni chini, mbali na wodi, na mtu aliye naye ni nesi wa siku nne.

Kanuni tunayotumia sasa ni rahisi. Dakika unazotarajia, zidisha kwa lita za mgonjwa, kisha zidisha mara mbili kwa ajili ya lifti. Dakika 45 kwa lita 10 ni 450, mara mbili ni 900. Mtungi E uliojaa pomoni haufiki hapo. Kwa hiyo ama unabeba miwili, ama unauliza swali ambalo mimi sikuliuliza: kule tunakokwenda kuna koki ya ukutani? Kumbe ipo, ndani ya chumba cha eksrei, nyuma ya pazia. Haikuwa kwenye mstari wowote kati ya ile 38.

Mama aliruhusiwa baada ya siku nane. Dada yake wa Kayole ndiye aliyekuja kumchukua.

Miaka imepita, nimehama wodi, na siku hizi mimi ndiye ninayepokea wapya. Karatasi tumeigeuza. Mistari mingi imebaki ya tiki tu, na hilo nalitetea, kwa sababu ukitaka kila kitu kithibitishwe kwa vitendo hakuna atakayekuwa na muda na watu watarudi kuweka tiki zote kabla ya chai. Lakini mistari tisa ina nguzo tatu badala ya kisanduku kimoja: ameona, amefanya nikitazama, amefanya peke yake. Kila nguzo ina tarehe yake, na tarehe ya kwanza na ya tatu haziruhusiwi kuwa siku moja.

Troli ya dharura ni mojawapo. Kusoma namba ya kile kifungo cha plastiki na kuandika "sawa" hakuhesabiki. Mpya anaikata lakiri mbele yangu, kwa siku niliyoichagua mimi. Anawasha mashine ya kufyonza, anaziba mrija kwa dole gumba na kuona kama sindano inapanda. Anaziba mdomo wa mfuko wa Ambu kwa kiganja na kuuminya: ukikubali kubonyea kirahisi, kuna mahali unavuja. Anafungua laringoskopu na kutazama kama taa inawaka nyeupe au ni ile ya manjano ya betri inayokata roho. Kisha tunafanya mchezo ambao wote huuchukia. Mimi nataja kitu, "adrenalini", "glukosi", "kanula ya kijani", na yeye anakitoa bila kusoma lebo za droo. Mara ya kwanza hufungua droo tatu kabla ya kupata glukosi. Kufika Ijumaa mkono unakwenda wenyewe.

Kabati la DDA ni lingine, ila hapo shida ni aibu zaidi ya ufundi. Mpya anaweza kuhesabu ampuli. Asichoweza ni kumwambia sista wa miaka ishirini kazini, aliyechoka na anataka kuwahi gari, "daftari linasema tisa, mimi naona nane." Kwa hiyo zoezi ninalotoa ni hilo hasa. Tunahesabu pamoja wakati wa kupokezana zamu, naye ndiye anayesoma kwa sauti. Na mgonjwa akiandikiwa morfini miligramu 5 kutoka ampuli ya 10, ile 5 iliyobaki inamwagwa mbele ya macho mawili mengine, na sahihi zote mbili zinawekwa hapo hapo. Nimeona watu wakisaini kama mashahidi wakiwa chumba kingine. Siku ampuli isipoonekana, sahihi hiyo ndiyo itakayoitwa ofisini.

Simu nayo tumeiweka kwenye ile tisa. Jumatatu mpya anapiga kila namba iliyo ukutani, kweli kweli, anajitambulisha na kuuliza amefika wapi. Yule bwana wa stoo alistaafu bila mtu wa kumsumbua mwaka wake wa mwisho.

Wanaopinga zaidi si watoto waliotoka chuo jana. Ni wenye uzoefu. Mwaka uliopita tulimpokea dada aliyetoka miaka kumi ya ICU, nikamwambia anionyeshe mtungi, akanitazama kama nimemwambia anionyeshe anavyonawa mikono. "Mama, mimi nimefungua mitungi kabla wewe hujavaa hiyo yunifomu." Na ni kweli. Nikamwambia sawa, ufunguo uko wapi? Akatazama mnyororo. Sisi tulikuwa tumeuhamishia kwenye msumari ndani ya mlango wa chumba cha dawa, maana kwenye mnyororo unaibwa. Alijua oksijeni kunizidi, na bado dakika mbili za kwanza zingempotea. Akafungua, akasoma, akaweka tarehe, hakuninunia sana.

Kuna jambo moja ambalo karatasi hii haitibu. Zamu ikiwa na manesi wawili kwa vitanda 28, hakuna atakayesimama dakika nzima kwa kila mgonjwa akitazama blanketi, awe ameweka tiki tatu au thelathini. Ukifanya hesabu, vitanda 28 ni karibu nusu saa ya kuhesabu pumzi tu. Ninachowaambia wapya siku kama hizo ni waanze na waliolazwa usiku, wenye oksijeni na wenye homa, wahesabu hao kwa ukamilifu. Asiyehesabiwa, kisanduku chake kiachwe kitupu. Pengo kwenye chati inchaji ataliona na kuuliza. Ishirini ya kubuni hakuna atakayeiuliza.

Mwezi jana kijana mmoja mpya aliniletea karatasi yake Ijumaa jioni, tayari amevaa koti la kwenda nyumbani. Mistari yote ina tarehe isipokuwa wa 23, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ufunguo upo. Mtungi upo, lita 680. Koki ya ukutani chumba cha eksrei haitoi." Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliteremka wakati wa chakula cha mchana, akachomeka mrija na kuweka kiganja.

Tuliteremka pamoja. Haikutoa. Nikaandika kwenye kitabu cha mafundi, nikabandika karatasi kwenye pazia, nikapiga simu wodi zote tatu kuwaambia wabebe mitungi miwili. Fundi alikuja Jumanne. Kijana akateremka tena, akarudi, akaandika tarehe.